Ijaza na Damu: Urithi wa Ukhalifa katika Halaka Moja ya Kadiria Nchini Uganda

Kila twarika husimama juu ya silsila, yaani mnyororo wa masheikh waliopokezana siri na idhini hadi kumfikia Mtume. Katika Kadiria mnyororo huo hupitia kwa Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na muridi, yaani mwanafunzi wa sheikh, anayetoa baia, kiapo cha utii, huingia ndani yake bila kuulizwa baba yake ni nani. Sehemu hii ya utafiti inahoji nini hutokea pale nasaba hiyo ya kiroho inapokutana na nasaba ya damu, na inadai kwamba mgongano wa nasaba hizi mbili huamuliwa kwenye dhikiri yenyewe kuliko kwenye hati au kikao cha wazee.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Uganda. Uislamu ulifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili, mfalme wa Buganda, mwaka 1844 kupitia wafanyabiashara wa pwani, ukaongezewa nguvu na askari wa Kisudani walioletwa na ofisa Mwingereza Frederick Lugard mwaka 1891, ambao wazao wao ni Wanubi wa leo. Wengi waliosilimu hawakuwa na ukoo wa kisharifu wa kujivunia, wala hawakuhitaji kuwa nao ili kupewa ijaza, yaani idhini ya sheikh ya kuongoza na kufundisha. Pwani mfano wake ulikwisha kuonekana: Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alieneza tawi lake la Kadiria kati ya watu wa kila daraja, na Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyeletwa pwani kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtumwa, alipanda hadi kuwa khalifa mwenye wafuasi wengi. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1931, aliyeshika nafasi yake alikuwa mwanawe. Mlango ambao ijaza iliufungua kwa asiye na ukoo ulianza kuzaa ukoo mpya katika kizazi kimoja tu, na jambo hilo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili.

Halaka, yaani duara la dhikiri, iliyochunguzwa iko nje ya Kampala. Ina Waganda, yaani watu wa Buganda, na Wanubi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Hukutana usiku wa kuamkia Ijumaa baada ya Isha. Uradi husomwa kwa kukaa, kisha watu husimama bega kwa bega, na «La ilaha illa Allah» husomwa polepole mpaka miili inapoyumba pamoja. Baadaye matamshi hufupika hadi kubaki jina la Allah, na mwishowe hubaki pumzi nzito inayotoka kifuani. Khalifa husimama katikati. Yeye ndiye hupandisha kasi kwa kupiga kofi moja, na yeye ndiye huishusha kwa kufungua kiganja chini ya kidevu chake. Hapo sauti zote hukatika mara moja. Muridi mmoja mzee alieleza hivi: «Asiyejua kuteremsha, asipandishe. Atawaacha watu juu.»

Khalifa wa halaka hii alipofariki, ukoo wake ulifanya kama Waganda wanavyofanya: katika shughuli ya kumaliza msiba, okwabya olumbe, ulimtawaza mwanawe kuwa musika, mrithi wa marehemu. Kwa ukoo mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini marehemu alikuwa amemwandikia ijaza mwanafunzi wake Mnubi, na karatasi ile, iliyotaja masheikh mmoja baada ya mwingine, haikumtaja mwana. Kwa wiki kadhaa mwana aliongoza dhikiri. Maneno aliyasoma sawasawa, lakini alipofungua kiganja, nusu ya duara iliendelea, na wengine wakamtazama mwanafunzi kwanza ndipo wakanyamaza. Hakuna aliyemkataa kwa mdomo. Miili ndiyo iliyokwisha kuchagua.

Mwanasosholojia Max Weber alieleza jinsi haiba ya mwanzilishi inavyogeuka kuwa cheo cha kurithiwa, ama kwa damu ama kwa kuteuliwa. Maelezo hayo yanafaa hapa, ila yanaifanya hadhara ya waumini kuwa shahidi tu. Katika halaka hii ijaza ilimpa mwanafunzi haki ya kusimama katikati, lakini utii ulitokana na miaka ambayo muridi walipumua pamoja naye, wakijua mkono wake utawashusha salama. Kwao dhikiri ni kumkurubia Mwenyezi Mungu, na anayewaongoza humo huaminiwa na nafsi zao. Haifai mtafiti aisome ibada hiyo kama siasa iliyovikwa joho.

Suluhu iliyopatikana inaonyesha pande zote mbili zilivyojua mipaka yao. Mwana alibaki na nyumba, na pamoja nayo ukumbi wa dhikiri, usimamizi wa kaburi la baba yake na maulidi ya kila mwaka. Mwanafunzi alichukua duara. Muridi wapya hutoa baia mkononi mwake, lakini hutolea ndani ya nyumba ya mwana, na mwana hukaa upande wake wa kulia akishuhudia. Mjukuu wa marehemu, mtoto wa musika huyo, ameshaanza kufundishwa uradi na mwanafunzi.