RUFAA: Picha ya mtoto akinyonya iliyofutwa kama uchi, tunaomba ikaguliwe na mtu

Kwa Timu ya Ukaguzi wa Maudhui,

Tarehe 4 Agosti saa 2:10 usiku, ndani ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, ukurasa wetu uliweka chapisho lenye picha nne za kufundisha jinsi ya kumpakata mtoto na kumpachika kwenye titi. Picha ya pili ilifutwa papo hapo. Taarifa ilisema mfumo umetambua "uchi wa mtu mzima". Tulikata rufaa usiku uleule, na jibu likaja ndani ya dakika tatu kwa maneno yaleyale. Kwa kasi hiyo tunaamini hakuna mtu aliyeifungua picha. Tunaomba sasa mtu aifungue, na awe anayesoma Kiswahili, kwa kuwa maelezo yaliyo chini yake ni sehemu ya somo.

Atakachokiona ni hiki. Picha imepigwa kutoka ubavuni: titi moja, shavu na mdomo wa mtoto wa wiki tatu, na mkono wa mama umeshika titi, dole gumba juu, vidole vinne chini. Uso wa mama haumo. Mtoto amevaa fulana na nepi. Chuchu haionekani kwa sababu imo kinywani mwa mtoto. Kinachoonekana ni sehemu ya eneo jeusi linaloizunguka, juu ya mdomo wa juu, na bila shaka hicho ndicho mfumo ulichokitambua.

Sehemu hiyo ndiyo tunayoifundisha. Dalili za mtoto aliyepachikwa vizuri ni nne: kinywa kimefunguka wazi, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kinagusa titi, na eneo jeusi linaonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini yake. Lisipoonekana zaidi juu, mara nyingi mtoto ameshika chuchu peke yake. Hapo mama anaumia, chuchu inachubuka na kupasuka, maziwa hayatoki vya kutosha, titi linajaa na kuvimba, na mtoto analia njaa huku yuko kifuani. Wengi huanza maziwa ya kopo katika hatua hii wakidhani yao hayatoshi, wakati kilichohitajika ni kumwachisha mtoto taratibu na kumpachika upya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama mwenye nyufa kwenye chuchu hafiki huko bila kuonyeshwa namna ya kumpachika mtoto.

Taarifa yenu ilitushauri tutie ukungu sehemu husika. Tukifanya hivyo dalili ya nne inafutika, na hiyo ndiyo mama asiyoweza kuikisia. Mchoro tumeuweka pia, ni picha ya nne, lakini mama aliye peke yake usiku anahitaji kulinganisha titi lake na titi halisi, lenye ngozi kama yake.

Kanuni zenu, kwenye kifungu cha uchi wa watu wazima, zinaruhusu picha za kunyonyesha na za elimu ya afya. Hatuombi kuondolewa kwenye kanuni. Tunaomba itumike ile iliyopo. Kosa la namna hii lina historia. Oktoba 2020 mfumo wa Instagram ulifuta chapisho la Brazili lililoonyesha dalili za saratani ya matiti. Januari 2021 Bodi ya Usimamizi, inayopitia maamuzi ya Facebook na Instagram, iliamua kwamba chapisho hilo lilikuwa halali, na ikashauri watumiaji waweze kukata rufaa kwa binadamu pale mashine inapowafutia.

Mkaguzi akiona kama tunavyoona, tafadhali rudisheni picha mahali pake pamoja na maelezo yake, na futeni onyo lililowekwa kwenye ukurasa, kwani linapunguza watu wanaofikiwa na machapisho yetu yote. Vilevile ondoeni alama ya utambuzi ya picha hii kwenye orodha ya zinazozuiwa. Hili la mwisho lisisahaulike: isipoondolewa, nakala za kurasa za kliniki zilizoishiriki zitaendelea kufutwa hata baada ya yetu kurudi.

Mkikataa, tuandikieni ni kifungu kipi kimevunjwa na sehemu ipi ya picha imekivunja. Tumeambatisha picha halisi isiyokatwa, maelezo yake kamili, na ridhaa ya mama aliyoitia saini, jina lake likiwa limefichwa.

Wakunga na washauri wa unyonyeshaji,
wasimamizi wa ukurasa
Morogoro, 6 Agosti