Ripoti ya vifo vya kuku wetu 181: tulichokiona, tunachoamini na tunachoomba kifanyike

Wanakikundi wenzangu, kina mama, kina baba na vijana, habari za jioni. Hii ndo ripoti mliyotutuma watu watatu tuifanye kwenye kikao cha dharura cha tarehe 9 Julai 2025. Nimeiandika mimi katibu, wenzangu wawili wameisoma na kuikubali. Nimeigawa makusudi sehemu tatu, maana kwenye kile kikao vitu vilichanganyika sana, mtu anasema "nimesikia" halafu dakika mbili baadae inakuwa "imethibitika", na kijana wetu wa bandani, aliyetuhumiwa wizi wa kuku, akatoka pale analia. Sehemu ya kwanza nimeweka tulichokiona, kukihesabu au kuambiwa na mtu aliyekuwepo basi, maoni yetu yako sehemu ya pili.

USHAHIDI

Vifaranga chotara 500 viliingia banda la Chanika tarehe 2 Juni. Mpaka mwisho wa Juni daftari linaonyesha walikufa 13, wengi wiki ya kwanza, wakabaki 487. Vifo vikubwa vikaanza tarehe 2 Julai wakiwa na siku 30, na kwa siku vilienda hivi: 6, 21, 47, 58, 33, 12, 4. Jumla 181. Tarehe 9 hakufa hata mmoja.

Kuku waliobaki tumewahesabu wote watatu, kila mtu kivyake, tumepata 306. Ukijumlisha na 181 unapata 487 kamili. Mizoga haikuhesabiwa na kijana peke yake, mama anayekaa jirani na banda alikuwa anasimamia shimo kila jioni na alikuwa anaandika idadi kwenye simu yake, tumeziona zile meseji na zinalingana na daftari siku zote saba.

Afisa mifugo wa kata alipasua kuku 5 tarehe 5 Julai mbele yetu. Misuli ya mapaja na kifua ilikuwa na michirizi ya damu kwa wote watano, na kile kifuko kidogo cha kinga kilicho juu ya njia ya haja (wanakiita bursa) kilikuwa kimevimba, kwa watatu kina utelezi wa njano kama jeli. Hakukuta dalili za kideri, shingo hazikupinda na tumbo la mbele halikuwa na madoa ya damu. Sampuli haikupelekwa maabara.

Chakula: mwanachama mwenzetu alichukua magunia mawili ya mchanganyiko ule ule siku ile ile akawapa kuku wake 120. Tumeenda kwake, wapo wazima, hajafa hata mmoja.

Sasa chanjo, hapa nisomeni taratibu. Chanjo ya gumboro ilinunuliwa tarehe 15 Juni, risiti inasoma saa 4:12 asubuhi. Aliyeifuata alituma meseji "nimefika" saa 8:40 mchana. Katikati hapo ilikuwa kwenye mfuko wa rambo bila barafu, mwenyewe ametuambia bila kuzungushazungusha, alipitia msibani njiani na hakuna aliyemwambia kwamba inatakiwa barafu. Kwenye kopo tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado. Kesho yake, siku ya 14, ikachanganywa na maji ya bomba moja kwa moja, bila maziwa ya unga. Vyombo vya maji vilioshwa asubuhi hiyo kwa jiki. Vilikuwa vinne tu kwa kuku 487, kuku hawakunyimwa maji kabla, na yale maji yenye chanjo yaliwekwa saa 2 asubuhi yakaisha saa 10 jioni.

Na kuna hili ambalo kikaoni halikusemwa kabisa. Tarehe 28 Juni kijana aliandika kwenye grupu letu akiomba hela ya kurudia gumboro siku ya 28. Meseji ipo, imesomwa na watu 15. Hakuna aliyejibu, na mimi ni mmoja wao.

Vifo vilipoanza tulinunua dawa ya antibayotiki ya 68,000, risiti ipo kwa mweka hazina.

HITIMISHO

Wizi haukuwepo. Hili tunalisema kwa uhakika wote, hesabu imefunga na imefungwa na watu zaidi ya mmoja.

Sumu au chakula kibovu hatuamini, kwa sababu ya wale kuku 120, na pia vifo vilipanda mpaka siku ya nne vikashuka vyenyewe wakati chakula hakikubadilishwa.

Ugonjwa tunaamini ni gumboro. Umri wao, viungo alivyovionyesha afisa mifugo na jinsi vifo vilivyopanda haraka na kushuka ndani ya wiki vyote vinaelekea huko. Lakini bila maabara hatuwezi kuandika kwamba imethibitishwa, kwahiyo andikeni "karibu uhakika". Gumboro ni ya virusi, ile 68,000 haikuweza kuua kirusi.

Kwanini walikufa wakati walichanjwa? Kwa maoni yetu chanjo ilikuwa imeshakufa, au imedhoofika sana, kabla haijafika tumboni mwa kuku. Ile ni chanjo hai, inataka nyuzijoto 2 mpaka 8 muda wote, yetu ilikaa kwenye joto la Dar karibu saa nne na nusu. Halafu klorini ya bomba na jiki vinaua kilichobaki, na maji yenye chanjo yanatakiwa yaishe ndani ya saa 2 hivi, sio saa 8. Kipi kati ya hivi kiliharibu zaidi hatuwezi kutenganisha. Marudio ya siku ya 28 nayo yangekuwa siku mbili tu kabla ya vifo, hatudai kwamba yangewaokoa wote, ila kukaa kimya lilikuwa kosa letu sote.

Kirusi kilikotokea hatukupata ushahidi. Ila maranda ya kundi lililopita hayakutolewa yote, tumeyakuta pembeni, na kirusi hiki kinakaa bandani miezi.

Hasara: kila kuku alikuwa ameshatugharimu 5,400, mara 181 ni 977,400, bila hiyo antibayotiki.

TUNAPENDEKEZA

Kwanza kabisa kijana alipwe mshahara wake wa Juni uliozuiwa, leo au kesho, mweka hazina anayo hela. Na mwenyekiti amuombe radhi mbele ya kikao Jumapili tarehe 20, kwa sababu alituhumiwa mbele ya kikao.

Kuku 306 waliobaki: gumboro inashusha kinga, kwahiyo afisa mifugo aitwe wiki hii atuambie chanjo ya kideri irudiwe lini. Anayedhoofika asiuzwe wala asichinjwe kupelekwa sokoni, achomwe au afukiwe.

Wakishauzwa, maranda yote yatoke mpaka sakafu, banda lioshwe kwa sabuni, lipigwe dawa na likae tupu wiki mbili angalau. Msimamizi awe yule mama jirani na banda kama atakubali.

Chanjo kuanzia kundi lijalo ifuatwe na chupa ya chai yenye barafu na mbebaji arudi moja kwa moja. Maji yawe ya kisima au ya mvua, yakikosekana ya bomba yawekwe kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita. Vyombo viongezwe vifike 10, vioshwe kwa maji matupu, na kuku wanyimwe maji saa moja au mbili kabla. Hela ya chanjo zote pamoja na marudio itengwe siku vifaranga vinapoingia, ikae kwa kijana, asiombe tena.

Kundi lingine likianza kufa, sampuli ziende maabara siku ya pili, hatusubiri ya nne.

Mwenye picha, risiti au alichokiona kwa macho yake kinachopingana na sehemu ya kwanza aniletee kabla ya Jumamosi jioni, nitakiongeza na kama kinabadilisha hitimisho tutalibadilisha.