Zoezi la unyumbufu wa mahitaji: mama lishe wa Mabibo apandishe bei, ashushe au aache?

Hili zoezi ni la kidato cha tano na sita wanaosoma uchumi, ila hata kama una biashara yako ndogo lifanye tu, hesabu zake ni za kugawanya na kuzidisha, simu inatosha. Fanya maswali yote kwenye daftari kwanza af ndo ushuke kwenye majibu, maana ukisoma jibu kabla ya kukokotoa utaona kila kitu rahisi na kwenye mtihani utakwama.

Hali yenyewe

Mama lishe ana banda la chakula Mabibo, Dar es Salaam, wateja wake wengi ni wanafunzi wa chuo, madereva wa bodaboda na mafundi wa gereji za jirani. Unga umepanda, mafuta yamepanda, anajiuliza bei zake aziguse au aziache. Kizuri alichofanya ni kwamba hakubadilisha bei zote kwa mkupuo, kila wiki aligusa kitu kimoja tu na vingine akaviacha kama vilivyo, na jioni anaandika kwenye daftari kauza vingapi. Hizi ni wastani za kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi:

| Bidhaa | Bei ya zamani | Idadi | Bei mpya | Idadi | Gharama ya kimoja |
|---|---|---|---|---|---|
| Andazi | sh 200 | 150 | sh 300 | 100 | sh 120 |
| Chapati | sh 500 | 180 | sh 400 | 200 | sh 250 |
| Chipsi zege | sh 2,500 | 60 | sh 3,000 | 40 | sh 1,700 |
| Juisi ya embe (glasi) | sh 1,000 | 50 | sh 800 | 70 | sh 400 |

Gharama ya kimoja ni vile vitu vinavyoongezeka ukiongeza kupika, yaani unga, mafuta, viazi, mayai, sukari, mkaa. Kodi ya banda haimo, kwa sababu analipa ileile auze andazi moja au elfu moja.

Kitu kingine kiko kwenye daftari lake: soda bei haikuguswa kabisa, ila wiki ile chipsi zilipopanda soda zilishuka kutoka 45 kwa siku hadi 35. Kila soda inamwachia faida ya sh 200.

Fomula

Tunatumia njia ya wastani, yaani badiliko unaligawa kwa wastani wa namba mbili, sio kwa namba ya mwanzo:

```
E = [(Q2 - Q1) / ((Q1 + Q2) / 2)] / [(P2 - P1) / ((P1 + P2) / 2)]
```

E ni unyumbufu wenyewe, yaani idadi inayonunuliwa inabadilika kiasi gani bei ikibadilika. Q ni idadi, P ni bei, 1 ni ya zamani na 2 ni mpya. Jibu litatoka hasi karibu mara zote kwa sababu bei ikipanda watu wanapunguza kununua, so ukisikia mtu anasema unyumbufu ni 2 ujue ni -2, alama ya kutoa kaiacha tu. Ukiangalia ukubwa wake bila alama: ikizidi 1 mahitaji yananyumbuka, wateja wanakimbia bei. Chini ya 1 hayanyumbuki sana, wananung'unika ila wananunua. Ikiwa 1 kamili fedha ya mauzo inabaki palepale. Hii namba ilianza kuzoeleka kwa wachumi baada ya Alfred Marshall kuieleza mwaka 1890 na mpaka leo ndo ya kwanza kuangaliwa mtu akitaka kugusa bei.

Maswali

1. Kokotoa E ya andazi kwa njia ya wastani. Af kokotoa tena kwa asilimia za kawaida (gawa kwa namba ya mwanzo), mara moja ukitoka 200 kwenda 300 na mara moja ukitoka 300 kurudi 200. Unaona nini?
2. Kokotoa E ya chapati, mauzo na faida kabla na baada. Kushusha bei kulimsaidia?
3. Fanya hivohivo kwa chipsi. Usisahau soda.
4. Mama anafikiria kupeleka chipsi hadi sh 3,500. Mshauri.
5. Kokotoa E ya juisi. Kabla hujashauri soma hii: wiki ya bei ya 1,000 mvua za masika zilinyesha karibu kila siku, wiki ya bei ya 800 lilikuwa jua kali.
6. Muandikie mama ushauri kwa maneno ambayo hayana E wala fomula.

Majibu

1. Idadi imeshuka 50, wastani ni 125, kwa hiyo -0.40. Bei imepanda 100, wastani ni 250, kwa hiyo 0.40. E = -0.40 / 0.40 = -1. Hakiki kwa mauzo: 200 × 150 = 30,000, na 300 × 100 = 30,000. Fedha ileile.

Sasa kwa asilimia za kawaida: kutoka 200 kwenda 300 bei imepanda 50%, idadi imeshuka 33.3%, unapata -0.67, utasema mahitaji hayanyumbuki. Ukirudi kutoka 300 kwenda 200 bei imeshuka 33.3%, idadi imepanda 50%, unapata -1.5, utasema yananyumbuka. Maandazi yaleyale, wateja walewale, majibu mawili yanayogombana! Ndo maana nasisitiza wastani kila siku, bei ikibadilika kwa kiasi kikubwa namna hii asilimia ya kawaida inakudanganya.

Ila usiishie kusema "mauzo hayajabadilika basi haijalishi". Faida ya zamani ni 150 × 80 = 12,000, mpya ni 100 × 180 = 18,000. Anapata elfu sita zaidi kwa siku na amekanda unga kidogo.

2. Idadi: 20 / 190 = 0.105. Bei: -100 / 450 = -0.222. E = -0.47. Hainyumbuki. Mauzo yametoka 90,000 hadi 80,000, faida imetoka 45,000 (180 × 250) hadi 30,000 (200 × 150). Kashusha bei, kakesha kusukuma chapati 20 za ziada, na kapoteza elfu kumi na tano kila siku.

Kwa nini chapati haikunyumbuka? Angalia nani ananunua na saa ngapi: fundi saa moja asubuhi anataka chai na chapati mbili af aingie kazini, tumbo lake halina nafasi ya chapati ya tatu hata ukimpa kwa 400. Na mia moja kwenye bajeti yake ya siku ni ndogo. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024 tuliona kitu cha aina hiyohiyo, bei ilipaa na watu wakapunguza vijiko lakini chai hawakuacha.

3. Idadi: -20 / 50 = -0.40. Bei: 500 / 2,750 = 0.182. E = -2.2. Inanyumbuka sana, mwanafunzi akiona 3,000 anavuka barabara anakula wali maharage. Mauzo yametoka 150,000 hadi 120,000.

Hapa ndo wanafunzi wengi wanapotelea, wanaandika "mahitaji yananyumbuka kwa hiyo ashushe bei" wanafunga daftari. Subiri. Kitabu kinasema ukipandisha bei ya kitu kinachonyumbuka mauzo yanashuka, hakijasema faida inashuka! Faida ya zamani: 60 × 800 = 48,000. Faida mpya: 40 × 1,300 = 52,000. Mauzo yameshuka elfu thelathini ila zile sahani 20 ambazo hakupika zimemuokolea 34,000 za viazi, mafuta na mayai. Kwa hiyo kabaki na 4,000 juu.

Sasa toa soda. Unyumbufu mtambuka wa soda kwa bei ya chipsi, yaani idadi ya soda inavyobadilika bei ya chipsi ikibadilika: -10 / 40 = -0.25, gawa kwa 0.182 unapata kama -1.38, hasi maana yake vinaenda pamoja, anayekosa chipsi na soda haiagizi. Soda 10 × 200 = 2,000 imepotea. Faida halisi ya kupandisha ni 2,000 kwa siku, sio 4,000. Ni ndogo lakini ipo, na moto wa jikoni umepungua.

4. Tuseme E inabaki -2.2. Kutoka 3,000 hadi 3,500 ni 500 / 3,250 = 0.154, zidisha kwa -2.2 unapata -0.338, idadi inashuka kutoka 40 hadi kama 28. Faida: 28 × 1,800 = 50,400, chini ya 52,000 na bado hujatoa soda. Na hapo tumemhurumia, maana bei ikizidi kupanda wateja kwa kawaida wanazidi kuwa wakali: kama kila mia tano inafukuza watu 20 kama mara ya kwanza basi anabaki na sahani 20, faida 36,000. Kwa hesabu zote mbili jibu ni asiende 3,500.

5. Idadi: 20 / 60 = 0.333. Bei: -200 / 900 = -0.222. E = -1.5. Mauzo yamepanda kutoka 50,000 hadi 56,000, faida imeshuka kutoka 30,000 (50 × 600) hadi 28,000 (70 × 400).

Namba ziko sawa ila mimi nisingemshauri chochote kwa hizi. Siku ya mvua nani anakunywa juisi ya barafu? Kama jua lenyewe lilileta glasi 15 kati ya zile 20 za ziada basi bei imeleta 5 tu, yaani 50 hadi 55, na E inakuwa -0.43, jibu linageuka kabisa. Aliyeandika "hatuwezi kujua, apime tena" anapata alama zote. Aliyeandika -1.5 na kushauri papo hapo anapata nusu.

6. Hivi ndo ningemuandikia:

*Mama shikamoo. Nimepitia daftari lako lote, hongera kwa kuandika kila jioni, bila hilo tusingejua kitu. Chapati rudisha 500 kuanzia Jumatatu, wale wa asubuhi hawakukimbii, watakaopungua ni wachache na utapata kama elfu kumi na tano zaidi kwa siku kuliko ukiuza 400. Maandazi acha hapohapo 300, usirudi 200. Chipsi baki na 3,000 lakini usiongeze tena hata jirani akipandisha, na kila Jumamosi hesabu sahani, wanafunzi huchukua muda kuzoea sehemu nyingine kwa hiyo zikishuka chini ya 38 kwa siku wiki mbili mfululizo shusha, jaribu 2,800. Juisi nakuomba tupime upya: wiki mbili zijazo uza siku moja 1,000 na siku inayofuata 800, ukibadilishana hivohivo, na pembeni ya idadi andika mvua au jua. Ukimaliza nitumie picha ya kurasa hizo nikukokotolee.*