Pendekezo la Kazi: Mfumo wa Kuhifadhi Vyumba na Tovuti ya Hoteli, Bamburi

Kwa: Bi. Zuhura, mwenye hoteli
Kutoka kwa: Athumani, mtengenezaji wa mifumo, Mji wa Kale, Mombasa
Tarehe: 4 Mei

Assalaam alaykum, Bi. Zuhura.

Ahsante kwa kuniruhusu nikae mapokezi nione kazi inavyokwenda. Daftari la vyumba ni moja, lakini maombi yanaingia kwa simu, kwa WhatsApp na kwa tovuti za mawakala. Ukurasa wa Pasaka, chumba 14 kina majina mawili, la pili limeandikwa juu ya wino mweupe, na familia zote mbili zilifika. Wafanyakazi wako ni makini. Kinachokosekana ni mahali pamoja panapoonyesha chumba kipi kiko wazi. Naomba pesa zako zianzie hapo, mapambo ya tovuti yafuate.

Kazi nzima ni KSh 180,000, kwa wiki 9. Tukianza 11 Mei, tutamaliza kabla ya msimu wa Agosti.

Awamu ya 1: Mpango (wiki 2, KSh 36,000)

Utapokea michoro ya kurasa zote, orodha ya vyumba 22 na bei za kila msimu, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani ili mgeni asishtukie nyongeza mlangoni. Domeini ya .co.ke itasajiliwa kwa jina la hoteli, si langu. Wiki hizi hizi tutaanza maombi ya kuunganishwa na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom. Yanahitaji msimamizi wa akaunti yako ya Paybill, na muda wa kujibiwa hauko mikononi mwangu, kwa hiyo tusichelewe.

Awamu ya 2: Kalenda ya vyumba (wiki 4, KSh 81,000)

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mhudumu ataandika maombi ya simu na WhatsApp kwenye kalenda moja, na mgeni wa tovuti ataandika humohumo. Chumba kikishachukuliwa, mfumo utakataa jina la pili kwa tarehe hizo. Mgeni akianza kulipa, chumba kitashikiliwa kwa dakika 15, asipomaliza kitaachiliwa.

Kuna jambo nataka ulijue mapema. Kalenda za mawakala tutaziunganisha kwa iCal, njia ya kubadilishana tarehe kati ya kalenda, na wao husoma mabadiliko kwa nafasi yao, pengine baada ya saa kadhaa. Mwanya huo hauzibiki kabisa kwa bajeti hii. Ushauri wangu ni kwamba Disemba na Pasaka usiwape mawakala vyumba vyote. Bakisha viwili vya kuuza mwenyewe.

Awamu ya 3: Malipo (wiki 2, KSh 45,000)

Leo mgeni anatuma picha ya ujumbe wa M-Pesa na mhudumu anaiamini. Picha hubadilishwa. Katika mfumo mpya, ombi la malipo litatokea kwenye simu ya mgeni, ataweka namba yake ya siri, na chumba kitathibitishwa pale tu Safaricom itakaporudisha jibu kwamba malipo yamekamilika. Jibu likichelewa, mfumo utauliza wenyewe hali ya muamala. Pesa zitaingia moja kwa moja kwenye Paybill ya hoteli, hazitapita kwangu.

Awamu ya 4: Mafunzo na makabidhiano (wiki 1, KSh 18,000)

Nitawafundisha wahudumu wa zamu zote mbili, ikiwemo ya usiku. Nitakukabidhi msimbo wote, maneno ya siri na mwongozo wa Kiswahili. Picha za pasipoti na vitambulisho tutaziondoa kwenye simu za wafanyakazi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe kwa taarifa za wageni. Hitilafu yoyote ya kazi yangu nitairekebisha bure kwa siku 30 baada ya makabidhiano.

Malipo yangu

Awamu ya kwanza hulipwa kabla ya kuanza. Nyingine utalipa ndani ya siku 7 baada ya kuijaribu kwa simu yako mwenyewe: utahifadhi chumba, utajaribu kukihifadhi tena kwa jina jingine, utalipa KSh 10 na kuiona imeingia. Kisipofanya kazi kilichoandikwa hapa, malipo yanasubiri mpaka kifanye.

Sijasajiliwa kwa VAT, kwa hiyo sitaongeza kitu juu ya bei hii. Mhasibu akikata kodi ya zuio ya asilimia 5, naomba cheti chake. Seva, domeini na mpiga picha utawalipa moja kwa moja. Ukitaka nyongeza, kwa mfano menyu ya mgahawa, nitakuandikia bei yake kwanza na sitaigusa mpaka ukubali. Ukiamua kusimamisha kazi katikati, utalipia awamu iliyokamilika na utabaki na vyote vilivyotengenezwa.

Bei hii inasimama hadi 18 Mei, ila tarehe ya kuanza inategemea nikipata saini yako na malipo ya awamu ya kwanza kufikia 10 Mei. Siku ya kwanza naomba nikute daftari la mwaka huu, bei za misimu yote, na mtu mmoja wa mapokezi ambaye nitamuuliza maswali bila kukusumbua.

Wako katika kazi,
Athumani