Maneno ya K kwa pakiti ya kahawa na kashata

Mama, shikamoo.

Nimekuletea maneno tuliyokubaliana, yote yaanze kwa sauti moja. Nilianza na T kwa sababu ya tangawizi yako: tamu, tulia, tangawizi, tena. Nikayaacha. Juzi jioni nilikuwa nimekaa kijiweni Mtaa wa Msimbazi, muuza kahawa akapita na dele lake juu ya mkaa, mkono wa pili anagonganisha vikombe: ka-ka-ka, ka-ka-ka. Hajatamka neno, watu wameshageuka. Sauti ya biashara yako ni K, na masikio ya mji huu yameizoea siku nyingi.

Maneno manne tayari ni mali yako: kahawa, kashata, karanga, Kariakoo. Haya ndiyo niliyoyazungushia.

Ya mdomoni: kali, kolea, koroga, kaanga, konga, koo, kiu.

Ya kijiweni: karibu, keti, kaka, kunywa, kikao, kisa, kicheko, karata, kikombe, kibaraza.

Ya mahali: Keko, Kawe, Kimara, Kinondoni, Kigamboni, Kivukoni, na kule inakolimwa, Kagera na Karagwe.

Maneno ya ki- yangeweza kuwa mengi zaidi, nami nimeyabana makusudi. Kiswahili kinatupa ki- bure. Ukisema “kikombe kimoja kikubwa kimejaa”, hiyo ni sarufi tu, sikio halishtuki kwa sababu linaisikia kutwa. K inayogonga ni ile iliyo kwenye mzizi wa neno: kali, koo, keti. Tena mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kwenye “kahawa” nguvu inaangukia “ha”, lakini kwenye “keti” na “kaka” inaangukia K yenyewe. Hata “kunywa” ina bahati hiyo. Ndiyo maana nikapata hili:

Keti kaka, kunywa kahawa.

Lisome kwa sauti, Mama. Linagonga kama vile vikombe. Kwa vijana wako wanaotembeza kahawa sijapata lililo zuri kuliko hili. Kwa pakiti halifai, maana wanaonunua pakiti ni akina dada wanaopeleka nyumbani, na tangazo linalomwita kaka peke yake linawafungia mlango. Kwao nilijaribu “Kahawa ya kijiweni, kikombeni kwako”. Maana yake naipenda sana, ila “kijiweni” na “kikombeni” ni marefu, yanachelewesha.

Kisha likaja hili, na hapa naomba utulie:

Kahawa ya Karagwe, kashata ya Kariakoo.

Kahawa, Karagwe, kashata: kila moja silabi tatu, kila moja linaanza na “ka”, kila moja mkazo uko katikati. Kariakoo inakuja mwisho, ndefu, inavuta “koo” ile ambayo kahawa inapita. Na halina sifa hata moja. Pakiti yako ya sasa inasema “kahawa bora yenye ladha ya kipekee”, maneno ambayo yangekaa vilevile kwenye sabuni au mchele. Hili jipya linasema ilikotoka na mikono iliyoipikia kashata, basi. Mtu wa mchele hawezi kuliazima.

Sharti ni moja. Uliniambia magunia ya sasa yametoka Karagwe. Siku ukichanganya na ya Mbinga, jina hilo litoke kwenye pakiti siku hiyohiyo. Mnywaji wa kahawa wa Dar ana ulimi, na mwenye asili ya Kagera anao zaidi.

Maneno niliyoyafukuza: “kavu” na “kausha”, kwa sababu wanawake wengi sokoni wakisikia kausha wanakumbuka mikopo ya kausha damu. “Kata kiu” nimeliacha pia ingawa linagonga vizuri, kwani Dar ya Januari kinachokata kiu ni maji ya baridi, na sitaki tuanze kwa uongo. “Kikohozi” liliombwa na mwanao kwa ajili ya tangawizi. Hapana, hatuuzi dawa.

Na tafadhali tusirefushe. “Kahawa kali ya Karagwe na kashata kamili ya karanga zilizokaangwa Kariakoo” inageuka kuwa kitanza ndimi, ndugu yake “wale wari wa Liwale”. Msomaji wa redio atajikwaa, na watu watakumbuka alivyojikwaa wasikumbuke kahawa.

Wasomee vijana wako matangazo yote mawili, la kaka na la Karagwe, asubuhi kabla hawajatoka, bila kuwaeleza chochote. Jioni waulize wanakumbuka lipi. Wakilirudisha la Karagwe bila kupoteza neno, nipigie, mchapaji anasubiri maandishi ya pakiti hadi Alhamisi.

Mwanao wa matangazo