Mwenda tezi na omo: barua kwa Salum

Salum mwanangu, assalam aleykum.

Saa hizi ni saa 8 usiku, wenzio wote wamelala na begi lako liko hapa sebuleni limeshafungwa. Nimeona nikuandikie kabisa kwenye simu ili ubaki nayo, maana asubuhi pale stendi najijua, ntakuuliza tu kama umechukua cheti cha fomu siksi na barua ya bodi alafu basi litaondoka. Isome basi likishaondoka, na mkifika Muheza angalia madirishani machungwa yanavyouzwa, nunua hata ya 1,000 ule njiani.

Tangu majina ya chuo kikuu yametoka kila anayepita hapa barazani anakwambia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mzee wa msikitini kakwambia, shangazi yako kakwambia mara mbili, na nimekuona ukiinamisha kichwa na kuitikia kwa adabu. Wanavyoisema wao ni kama wanakuonya, kwamba zunguka uzungukavyo Dar mwisho utarudi Pangani kwa hiyo usijitie kiburi. Siwalaumu, ndo inavyosemwa siku hizi na watu ambao wengi hawajawahi kulala chomboni. Ila mimi nimekulia kwenye mashua ya babu yako na huu msemo nimeujua kwa mikono kabla sijaujua kwa mdomo, sa nataka uondoke nao kama nlivyopewa mimi.

Tezi ni nyuma kwenye usukani, pale anakaa nahodha. Omo ni mbele, unaona nchi kavu kabla ya wenzio na upepo unakupiga usoni, kila kijana anataka kukaa omo. Ngama sasa ni tumboni, chini kabisa, giza, panapokusanyika maji. Na hamna chombo cha mbao kisichovuja Salum, hata ukikalafati vizuri kwa pamba na mafuta ya sifa, mbao zikipigwa na mawimbi zinaachia kidogo tu na maji yanapenya. Kwa hiyo mtu wa mashua hata awe nani, akitoka tezi akitoka omo anarudi ngamani, anashika upo wa kuchotea, anafua maji. Wala si adhabu, ndo kazi yenyewe inayofanya mashua iitwe mashua na sio ubao unaoelea.

Kuna kitu sijawahi kukuhadithia. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 17, tumepakia nazi tunavuka kwenda Mkokotoni, babu yako yuko tezi, mimi na baharia mwingine tunapokezana kufua maji. Zamu yangu ilikuwa alfajiri. Nikashuka nikafua kidogo alafu usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa juu ya fungu la nazi, upo uko mapajani. Nlivyoshtuka maji yalikuwa yananigusa vifundo vya miguu. Hapo ilikuwa bado, ningepiga kelele tu tungekuwa watatu tukayamaliza. Nikanyamaza. Niliona aibu babu yako ajue nimelala zamuni, nikawa nafua peke yangu kimyakimya haraka haraka nikidhani ntayawahi, na kila nikimwaga naona hayapungui. Yalipofika magotini mashua ikaanza kuwa nzito, haiitiki usukani, na babu yako akajua bila kuambiwa. Tulimwaga baharini zaidi ya nusu ya zile nazi. Nazikumbuka mpaka leo zinavyoelea nyuma yetu kwenye mwanga wa asubuhi, nazi za watu, tulizilipa kwa msimu mzima.

Babu yako hakunipiga. Tulipofika salama akanikalisha mchangani akanambia, kulala binadamu analala, mimi nakuuliza kwanini hukuniita maji yalipokuwa kwenye vifundo. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Basi hilo ndo nalotaka kukwambia na mengine yote ni nyongeza. Mlimani utakaa sana omo, marafiki, simu, mijadala ya usiku, mji wenyewe na taa zake, na nataka uyafaidi maana mimi sikuyapata. Na ukitaka tezi pia nenda, ukigombea uongozi wa wanafunzi mimi nakuunga mkono. Ila kila siku kabla hujalala shuka ngamani kwako uangalie maji yamefika wapi. Lile somo ambalo unatikisa kichwa darasani na huelewi. Ile hela ya bumu ilivyobaki na siku zilivyobaki. Yule rafiki ambaye ukitoka kwake moyo hautulii. Swala ulizoacha. Dakika 10 zinatosha, kaa uangalie kwa kweli.

Na ukiona maji yamefika vifundoni, niite. Usingoje yafike magotini. Unamkumbuka yule kijana wa mtaa wa pili, sitamtaja, alidisko mwaka wa kwanza akaona aibu, akakaa mjini mwaka mzima anawaambia wazazi anasoma na wao wanauza minazi wanamtumia hela. Watu walimsema kwa kufeli. Mimi nlimuonea huruma kwa ule mwaka wa kukaa na maji peke yake. Kupata sapu sio mwisho, watu wanasapu na wanakuwa mainjinia wazuri tu. Ukipata sapu nipigie siku hiyohiyo, nakuahidi hapa kwa maandishi sitapandisha sauti, ntauliza tu tunafanyaje.

Kuhusu hela. Mkopo wa bodi ni deni, ukija kuajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe, kwa hiyo bumu likiingia usilione kama zawadi. Lipa kwanza chumba, nunua mchele na unga, weka nauli ya kurudia nyumbani sehemu usiyoigusa, kinachobaki ndo chako. Mimi ntatuma kila nikiuza samaki vizuri, kusi hili limetubana ila likitulia tutavua. Usimkope mtu kabla hujaniambia mimi, na zile aplikesheni za kukopa kwenye simu usizifungue kabisa, zinatangazia mpaka watu uliowasevu.

Ukishuka Mbezi usimpe mtu begi hata akikuita mdogo wangu. Panda daladala mpaka Ubungo, hapo Mlimani sio mbali, binamu yako atakusubiri, namba yake unayo.

Jambo moja la mama'ako. Amekuwa akizungukazunguka jikoni wiki nzima na akiulizwa anasema ana kazi. Usimpigie simu ya dakika mbili za nimefika basi. Mpigie mwambie umekula nini, nani analala kitanda cha pili, godoro likoje, yeye vitu hivyo ndo vinamtuliza.

Amekufungia mkate wa kumimina, uko chini ya begi kwenye kopo la bluu, ule leo na kesho usije ukachacha, na mgawie huyo wa chumbani kwako. Kopo lenyewe ni la bibi yako, anajua limekwenda na ameshaniuliza litarudi lini. Nimemwambia likizo ya kwanza.

Baba'ako