Tuangalie Kwanza: Muswada wa Tangazo la Video la Huduma ya Kudhibiti Wadudu

Muda: dakika 4
Wahusika: Mama mwenye nyumba, Bibi, Fundi, Msimuliaji (sauti ya mwanamke, ya mazungumzo, isiyopazwa)

Kwa mwongozaji na mpiga picha: Nyumba iwe safi. Jikoni lenye masufuria machafu silitaki hata kidogo, kwa sababu mende huingia hata kwa msafi. Huja ndani ya maboksi, ndani ya friji la mtumba, au hupenya kandokando ya bomba kutoka kwa jirani. Pasiwe na muziki wa kutisha wala mtoto anayelia. Mende aonekane kwa ukubwa ule ambao mtu humwona akiwa amesimama jikoni kwake, asikuzwe akajaza kioo kizima. Aibu na hofu huuza, najua, lakini mtu aliyetishwa hununua dawa asiyoihitaji, na mwaka ujao hatatuita tena.

ONYESHO LA 1: JIKONI, USIKU

Mama anawasha taa. Mende wawili wadogo wa kahawia wanakimbilia nyuma ya friji. Mama hapigi kelele, anashusha pumzi tu. Anatikisa kopo la dawa ya kupuliza: limekwisha. Analipanga kwenye rafu, kando ya makopo mengine mawili matupu.

MSIMULIAJI: Umepuliza. Umepiga deki. Umehamisha vyombo. Na bado kila ukiwasha taa, wanakimbilia palepale. Sisi tunaanzia hapo palepale.

ONYESHO LA 2: MLANGONI, JIONI

FUNDI: Hodi hapa!

MAMA: Karibu, fundi. Tumeshatoa vyombo vyote. Piga dawa nyumba nzima, nipumzike.

FUNDI: Asante, mama. Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu.

FUNDI: Kabla sijafungua dawa yoyote, naomba nione. Unawakuta wapi zaidi?

MAMA: Jikoni. Chumbani sijawahi kuwaona, lakini nani ajuaye.

FUNDI: Tutajua. Ndiyo kazi iliyonileta.

ONYESHO LA 3: UKAGUZI

Kamera imfuate Fundi taratibu, bila kukata picha ovyo. Hili ndilo onyesho refu kuliko yote, lisipunguzwe. Anapiga magoti na kumulika tochi chini ya sinki, kwenye bawaba za kabati, kisha nyuma ya friji. Mama anachungulia begani kwake.

FUNDI: Njoo uone, mama. Vidoa hivi vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni kinyesi chao. Hapa nyuma ya friji mota inatoa joto, na chini kuna unyevu. Mende wa aina hii hawataki zaidi ya hayo, na makombo kidogo.

MAMA: Mbona nafagia kila siku?

FUNDI: Naona, pako safi. Lakini angalia bomba linapoingia ukutani. Ufa huu mwembamba kwao ni mlango.

Fundi anaweka mitego sita ya gundi: nyuma ya friji, chini ya sinki, ndani ya kabati, sebuleni, na mmoja katika kila chumba cha kulala.

FUNDI: Hii haina sumu. Tunaiacha ilale hapa, kesho asubuhi itatuambia wanakaa wapi.

Bibi anamwita dirishani. Kiganjani ameshika mabawa membamba, makavu.

BIBI: Na haya je? Jirani ameniambia nyumba yetu inaliwa na mchwa.

FUNDI: Haya ni mabawa ya kumbikumbi, bibi, na kumbikumbi kweli ni mchwa wenye mabawa. Lakini mvua ikinyesha huruka kutoka viota vya nje wakafuata taa, kisha mabawa yakadondoka. Mabawa peke yake hayatoshi kusema nyumba inaliwa. Hebu tutafute vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani, na mbao iliyo tupu ndani.

Anapita na tochi kwenye kingo za kuta. Anagonga fremu za milango moja baada ya nyingine. Tusikie mlio mzito wa mbao nzima.

FUNDI: Sijaona udongo, na mbao zinaitika vizuri. Leo sina sababu ya kukuuzia dawa ya mchwa. Siku ukiona mstari wa udongo ukutani, usiubomoe, nipigie nije niutazame.

Bibi anatabasamu na kuyatupa mabawa nje.

ONYESHO LA 4: ASUBUHI, MEZANI

Mitego sita imepangwa juu ya gazeti. Picha ichukuliwe kwa mbali kiasi.

MAANDISHI KWENYE KIOO: Tukio hili limeigizwa. Kila nyumba hukaguliwa kivyake.

FUNDI: Nyuma ya friji, kumi na mmoja. Chini ya sinki, wanne. Kabatini, wawili. Sebuleni na vyumbani, hakuna hata mmoja.

MAMA: Kwa hiyo vyumbani hupigi dawa?

FUNDI: Sipigi. Nitatibu jikoni tu, na utalipia jikoni tu. Hii hapa bei, isome kwanza.

Mama anasoma karatasi, anatikisa kichwa kukubali, anatia saini.

ONYESHO LA 5: TIBA

Fundi anavaa glovu. Kwa sindano ya jeli anaweka vitone vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, ndani ya bawaba, nyuma ya friji, kwenye kona za ndani za kabati.

MSIMULIAJI: Mende hula chambo, kisha hurudi kufia mafichoni. Wenzake wakila kinyesi chake au mzoga wake, sumu huwafikia nao. Ndiyo maana chambo huwafuata mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki.

FUNDI: Nina maombi mawili, mama. Usipulize dawa yoyote karibu na chambo, maana itawafukuza wasikile. Na vitone hivi usivifute. Nimeviweka mahali ambapo mtoto hafiki, lakini ni dawa, kwa hiyo asiachwe akavichokonoa. Nakuachia nakala ya lebo yake, ina jina la dawa na huduma ya kwanza.

Anaziba ufa wa bomba kwa silikoni, analainisha kwa kidole.

MAMA: Kesho watakuwa wamekwisha?

FUNDI: Hapana. Siku chache za kwanza unaweza kuwaona hata mchana, wakiyumba. Usiogope, ni dawa inafanya kazi. Na mayai hayali chambo, kwa hiyo yakianguliwa, wadogo wakute chambo bado kipo. Ndiyo maana nitarudi baada ya wiki mbili.

MSIMULIAJI: Mende wanaweza kubeba vijidudu hadi kwenye chakula, na vumbi lao linaweza kuamsha pumu kwa mwenye nayo. Kwa hiyo inafaa kuwashughulikia. Lakini una muda wa kuuliza, kusoma na kuamua.

ONYESHO LA 6: JIKONI, WIKI MBILI BAADAYE

Fundi anainua mtego wa nyuma ya friji. Mende mmoja, mchanga. Anamwonyesha Mama bila kumficha.

FUNDI: Yupo mmoja. Naongeza vitone viwili hapa, na mtego mpya. Tutautazama tena.

Usiku. Mama anawasha taa ya jikoni. Sakafu tupu. Anachukua glasi ya maji, anakunywa akiwa amesimama, hana haraka. Kwenye rafu makopo matupu hayapo tena.

MSIMULIAJI: Tupigie simu tuje tuangalie. Utaona tulichokiona, utaambiwa na tusichokiona, na dawa haitafunguliwa kabla hujakubali.

Gari la kampuni limeegeshwa nje, namba ya simu ikisomeka ubavuni. Bibi anampungia Fundi mkono kutoka dirishani.